Kaditama Ikikatwa, Shairi Hupungukiwa na Nini?

Katika shindano dogo la mashairi lililofanyika hapa Lamu, shairi la kijana mmoja wa mtaa wa Langoni lilibandikwa ukutani likiwa na beti tatu, ilhali wote waliolisikia likighaniwa wiki moja kabla walikumbuka kwamba lilikuwa na beti nne. Ubeti uliotoweka ni ule wa mwisho, uliokuwa na mawaidha. Maneno yakaanza barazani jioni ile ile. Wako waliosema kwamba shairi limekatwa kichwa, wako waliosema kwamba vijana wa siku hizi wanaona haya kutoa nasaha, na yuko mzee mmoja aliyeuliza, kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali, kama waamuzi walikuwa wamekosa karatasi.

Aliyemshauri kijana yule auondoe ubeti ni mimi, na kwa hiyo ni haki nieleze nilichokuwa nikikiona. Nitafanya hivyo kwa kulitumia shairi lenyewe, ambalo mwenyewe ameniruhusu nilinukuu lote, kwa sababu jambo hili likizungumzwa juu juu huonekana kama ugomvi wa ladha, na si hivyo.

Kwanza tuwekane sawa katika maneno machache. Ubeti ni fungu la mishororo. Katika shairi tunalolizungumzia kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, yaani silabi nane kabla ya koma na nane baada yake, na kila nusu ina kina chake. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti huitwa kibwagizo, na mshororo wa mwisho usiorudiwa huitwa kimalizio. Ubeti wa kufungia shairi lote wengi huuita kaditama au tamati. Taswira ni picha inayojengwa kwa maneno hata msomaji akaona, akasikia, akanusa au akagusa kitu ambacho hakiko mbele yake. Neno moja la mwisho nimelizoea mwenyewe: ubeti wa kufafanua. Kwa hilo nakusudia ubeti unaokuja baada ya taswira kufanya kazi yake, ukamwambia msomaji kwa maneno ya jumla kile alichokwisha kukiona. Si kila kaditama ni ubeti wa kufafanua, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kulikozua nusu ya ugomvi wa barazani.

Hili hapa shairi kama lilivyofika mikononi mwangu. Jina lake lilikuwa "Chombo", na chombo hapa ni kama wanavyosema mabaharia, jahazi.

Babu hushuka mapema, tindo na nyundo begani,
Hufika akasimama, kando ya mkuku chini,
Hubisha ubao kama, mgeni yu mlangoni,
Maji yajaa yapwaa, chombo kimelala pwani.

Pamba imetoka yote, kaa walala nyufani,
Kuku hutaga popote, katika feuli ndani,
Tanga limekatwa lote, leo ni hema sokoni,
Maji yajaa yapwaa, chombo kimelala pwani.

Mjukuu kamuliza, twalishusha siku gani?
Babu kwanza kanyamaza, jichole li mkondoni,
Kisha pamba kaikaza, kwa tindo mle ufani,
Maji yajaa yapwaa, chombo kimelala pwani.

Ndivyo yalivyo maisha, ya waja wa duniani,
Uzee hudhoofisha, nguvu zetu za mwilini,
Tumaini hutuvusha, tusikate asilani,
Maji yajaa yapwaa, chombo kimelala pwani.

Kwa msomaji asiyekaa karibu na vyombo, niongeze kwamba mkuku ni ule mti mkubwa wa chini ambao jahazi zima hujengwa juu yake, na feuli ni nafasi ya nyuma ya chombo inayowekwa mizigo na vitu vya mabaharia. Pamba ndiyo hutiwa katika nyufa za mbao ili maji yasiingie. Fundi huiroweka kwenye mafuta, akaisukuma kwa tindo na nyundo mpaka ikajaa ufa wote, na kazi hiyo ndiyo kukalafati. Baadaye mbao za nje hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa ambayo harufu yake haihitaji shairi kumfikia mtu.

Sasa zitazame beti tatu za mwanzo, kisha uutazame wa nne, ukijiuliza swali moja tu: ni kitu gani humu ninachoweza kukishika kwa mkono? Katika ubeti wa kwanza mna tindo, nyundo, mkuku na ubao. Katika wa pili mna pamba, kaa, kuku, tanga na soko. Katika wa tatu mna mtoto anayeuliza, mzee anayetazama mkondo, na ufa mmoja unaozibwa. Katika ubeti wa nne mna maisha, waja, dunia, uzee, nguvu na tumaini, na ukiondoa kibwagizo hamna hata kimoja unachoweza kukikwaa kwa kidole cha mguu gizani. Hii si aibu kwa maneno hayo, kwani yana mahali pake. Lakini yanapojikusanya yote katika ubeti mmoja, tena wa mwisho, tena baada ya beti tatu zilizojaa vitu, basi mtunzi ameacha kuonyesha na ameanza kueleza.

Dalili ya pili ni ya sarufi, na mara nyingi huwa wazi kuliko ya kwanza. Katika beti tatu tunaye mtu mmoja: babu, huyu, wa jahazi hili. Katika ubeti wa nne babu ametoweka na mahali pake wameingia "waja", kisha "sisi". Nafsi imehama. Mtunzi amemwacha mzee pwani na tindo lake, amegeuka kutukabili sisi, na sauti yake imekuwa ya mtu aliyesimama mbele ya mkutano. Nimepitia mashairi mengi ya vijana, na karibu kila mara ubeti wa kufafanua hujitambulisha kwa kuhama huku kutoka kwa "yeye" kwenda kwa "sisi" au "ndugu zangu", pamoja na maneno ya mlangoni kama "ndivyo yalivyo", "haya yatupa funzo" na "hivi ndivyo dunia".

Hata hivyo dalili hizi mbili hazitoshi kuuhukumu ubeti. Zinatosha kuushuku. Kipimo chenyewe hufanywa kwa watu, na ni rahisi: ufunike ubeti wa mwisho kwa karatasi, usome uliobaki kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua shairi, kisha umwulize limezungumza nini. Usimwongoze kwa kumwuliza kama ameona tumaini, maana hapo utakuwa umemtilia jibu kinywani.

Kijana na mimi tulifanya hivyo kwa wasikilizaji watatu. Wa kwanza alikuwa fundi wa vyombo kutoka Matondoni, aliyekuja mjini kununua misumari. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka arudiwe ubeti wa tatu, kisha akasema kwa Kiamu chake: "Mzee ayua." Tulipomwuliza mzee anajua nini, alishangaa kwamba tunauliza. Pamba ile haikutajwa kutiwa mafuta, alisema, na ufa uliozibwa ni mmoja katika chombo ambacho pamba yake imetoka yote. Hakuna fundi anayeweza kufanya hivyo akidhani jahazi litaelea. Kwa hiyo mzee anajua kwamba halitashuka, na pamba ile anaikaza kwa ajili ya mtoto.

Wa pili alikuwa mama mmoja mjane, jirani ya kijana. Yeye hakugusa habari ya jahazi. Alishika mshororo wa mzee kubisha ubao kama mgeni mlangoni, akasema kwamba marehemu mumewe, baada ya kuacha kazi, alikuwa akienda kila asubuhi mahali alipokuwa akifanya kazi, akasimama nje kidogo, kisha akarudi nyumbani. Kwake shairi lilikuwa juu ya mtu aliyekuwa mwenyeji na sasa inambidi abishe hodi.

Wa tatu alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, naye alisema bila kusita kwamba babu analitengeneza jahazi pole pole, ufa mmoja kwa siku, na kwamba ingefaa mjukuu amsaidie.

Hapo ndipo nilipomwambia kijana auondoe ubeti wa nne. Sababu haikuwa kwamba watu watatu wameelewa jambo moja, maana hawakuelewa jambo moja. Mmoja ameona ujuzi wenye huzuni, mwingine ameona mtu aliyekuwa mwenyeji akageuzwa mgeni, na wa tatu ameona kazi inayoendelea. Yote matatu yamo katika beti tatu na yote yana ushahidi wake ndani ya maneno. Ubeti wa nne ungekuja kuwaambia kwamba jibu ni "tumaini hutuvusha", yaani ungemkubalia mvulana na kuwanyamazisha fundi na mjane. Watu huutetea ubeti wa kufafanua kwa kusema kwamba unaongeza maana, na kwa shairi hili ilikuwa kinyume: katika maana tatu ungebakisha moja, tena ile nyepesi kuliko zote.

Kila aliyekulia katika Kiswahili anakijua kitu hiki kwa njia ya kitendawili. Anayetega husema, "Nyumba yangu haina mlango," kisha hungoja. Wasikilizaji hukisia, hukosea, hukisia tena, na wakishindwa humwambia awape jibu, naye huwadai mji. Mpaka wampe mji, Mombasa au Zanzibar, ndipo awaambie kwamba ni yai. Jaribu kufikiria mtegaji anayesema kwa pumzi moja, "Nyumba yangu haina mlango, nayo ni yai." Hajasema uongo wala hajakosea lugha, lakini mchezo umekwisha kabla ya kuanza, na mji hapati. Mtunzi wa ubeti wa kufafanua hufanya hivyo hivyo.

Wanaopinga huja na hoja kwamba washairi wetu wa kale walifungia kwa mawaidha, kwa hiyo kuyakata ni kuiga ushairi wa kigeni. Hoja hii nusu yake ni kweli, na nusu hiyo inastahili kuheshimiwa. Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate na kufia hapa Lamu, alitunga utenzi wake mnamo 1858 kumwusia binti yake, na mawaidha katika utenzi ule si mkia ulioshonewa baadaye. Ndiyo kazi yenyewe tangu mwanzo. Mama anaeleza kwa sababu amekaa kitako aeleze. Ukienda kwenye utungo wa waadhi na kalamu nyekundu ukitafuta maelezo ya kukata, utakata utungo wote. Hali ni hiyo hiyo kwa dua ya kufungia, na kwa ubeti ambao mtunzi wa zamani aliutumia kutaja jina lake au mwaka wa kutunga. Hizo ni kaditama zenye kazi yake, wala hazielezi taswira yoyote.

Lakini katika pwani hii hii, na kwa zamani hiyo hiyo, uko mkondo mwingine ambao wapinzani huusahau, nao ni wa mafumbo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipokuwa katika uhasama uliozaa vita vya Shela, ambavyo pia huitwa vita vya Kuduhu, washairi wa pande mbili walipelekeana mashairi. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi. Mashairi ya namna ile yalifumbwa, na kuyafumbua ilikuwa kazi ya upande wa pili, ambao ulijibu kwa shairi jingine. Anayefumba hajifumbulii mwenyewe katika ubeti wa mwisho, kwa sababu angekuwa amempokonya mwenzake nafasi ya kujibu, na pia angeonekana kwamba hamwamini kuwa na akili ya kulijibu. Kwa hiyo kijana aliyekata ubeti wake hakutoka nje ya mila. Alitoka katika mlango wa waadhi akaingia katika mlango wa fumbo, na nyumba ni moja.

Kwa maoni yangu, kinachowafanya vijana wetu waandike ubeti wa kufafanua ni darasa zaidi kuliko mila. Mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi huulizwa dhamira ya shairi ni ipi na mshairi ana ujumbe gani, naye hufundishwa kulijibu swali hilo kwa sentensi moja safi. Ni zoezi zuri kwa msomaji. Tatizo huja anapokuwa mtunzi, kwani mkono wake umekwisha kuzoea, na akifika mwisho wa shairi hujiandikia jibu la mtihani ambao hakuna aliyeuweka. Ukisoma ubeti wa nne wa "Chombo" kama jibu la swali la "taja dhamira tatu", utaona kwamba linapata alama zote.

Lipo kosa jingine linalofanana na hili kwa sura, ambalo dawa yake ni tofauti. Kuna wakati unaufunika ubeti wa mwisho, unamsomea mtu uliobaki, naye anabaki anakutazama. Nilipata kuletewa shairi la beti tano lililojaa ukuta mweupe, ndege wa usiku na kikombe kilichopasuka, na hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeweza kusema ni habari gani, mpaka ubeti wa mwisho ulipoeleza kwamba ni talaka. Hapo ubeti wa mwisho haurudii kilichoonyeshwa, kwa sababu hakuna kilichoonyeshwa. Mtunzi alikuwa na siri na kikombe kile, na siri ilibaki kwake. Ukikata ubeti huo unabaki na giza, na giza si fumbo. Lakini pia usiuache ukajiona umemaliza. Ubeti ule umekuonyesha kwamba kasoro iko juu, katika beti za taswira, na huko ndiko kunakotakiwa kazi: tia vikombe viwili vilivyokuwa pamoja, tia mlango ambao ufunguo wake umerudishwa, kisha ujaribu tena kwa msikilizaji mwingine. Yule wa kwanza hafai tena kwa kipimo, maana ameshaambiwa.

Turudi kwa "Chombo", kwa sababu kukata hakukuwa mwisho wa kazi, na yaliyofuata ndiyo yanayowashinda wengi.

Wasiwasi wa kwanza wa kijana ulikuwa mizani. Alidhani kwamba kuondoa ubeti kutavuruga hesabu. Mizani huhesabiwa ndani ya mshororo, na vina huhesabiwa ndani ya ubeti, kwa hiyo ukiondoa ubeti mzima hakuna mshororo unaopungua hata silabi moja. Kilichoweza kuvurugika ni kishindo cha mwisho. Shairi hughaniwa, na msikilizaji asiye na karatasi mkononi huitegemea kaditama imwambie kwamba safari imefika. Hapa kibwagizo kilituokoa. Katika ubeti wa kwanza, "maji yajaa yapwaa" ni habari ya pwani tu. Katika wa pili ni habari ya muda unaopita. Katika wa tatu kinasikika baada ya pamba kukazwa, na sasa maji yale yale yana kitu cha kumwambia mzee, jema au baya. Maneno hayajabadilika, lakini kilichoyatangulia kimebadilika. Nilimshauri akighani akirudie mara mbili mwishoni, mara ya pili kwa sauti ya chini, na hiyo ikawa tamati yake.

Kama kibwagizo kisingeweza kubeba mzigo huo, ingebidi apange upya beti. Fikiria ubeti wa kuku na kaa ungekuwa wa mwisho: shairi lingeishia kwenye maelezo ya mahali, kama picha ya ukutani, na msikilizaji angengoja lije jingine. Ubeti wa tatu una tukio, tena tukio linalojibu swali bila neno. Huo ndio uliostahili mwisho, na kwa bahati tayari ulikuwa pale, ila ulikuwa umezibwa na mwingine.

Siku tatu baadaye kijana aliniletea nakala safi. Ubeti wa nne haukuwako. Lakini mshororo wa tatu wa ubeti wa tatu sasa ulisomeka hivi:

Kisha pamba kaikaza, kwa tumaini moyoni,

Hesabu uone: mizani ni kumi na sita na kina ni kile kile. Kikanuni hakuna kasoro. Nilicheka, naye akajua mara moja ninachekea nini. Maelezo yaliyotolewa nje kwa mlango yalikuwa yamerudi kwa dirisha, na ili yapate nafasi yalilifukuza tindo. Tindo lilikuwa limebeba mkono wa mzee, lilikuwa limekuja begani tangu mshororo wa kwanza na lilikuwa likingoja kutumiwa. Tumaini halikubeba chochote ila jina lake. Fundi wa Matondoni asingeweza kusema "mzee ayua" mbele ya mshororo ule, kwa sababu mshororo ungekuwa umemkatalia mapema. Hili hutokea sana, na ndiyo maana baada ya kukata ubeti wa kufafanua ni lazima upite tena beti zilizobaki ukitafuta maneno kama moyoni, kwa huzuni, kwa furaha na kwa uchungu, ambayo hupenya katika mishororo kwa kisingizio cha kutimiza mizani.

Akalirudisha tindo. Kisha nikaona kwamba kichwa cha shairi sasa ni "Tumaini la Babu". Sikucheka tena. Nilimwonyesha tu kwa kidole, naye akakifuta akaandika "Chombo".

Hilo ndilo lililobandikwa ukutani. Mzee wa karatasi alilisoma akiwa amesimama, mikono nyuma, akasema kwamba ni zuri lakini bado linamdai funzo. Nilimwuliza yeye amelichukuaje. Akanieleza kwa dakika nzima habari ya mzee anayekataa kuuza mbao za jahazi zikawe kuni ingawa ana shida ya fedha, jambo ambalo halimo katika shairi kwa maneno, wala mimi sikuwa nimelifikiria. Sikumwambia kwamba amekwisha kulipata funzo analolidai, kwa sababu angelikana.

Limebaki jambo moja la kanuni. Shindano la pili ambalo kijana anataka kuingia linataka beti zisizopungua nne, na wengi wakikutana na sharti kama hilo huurudisha ubeti wa kufafanua kwa kuwa uko tayari mfukoni. Sharti la hesabu hutimizwa kwa ubeti wowote, na si lazima uwe wa mwisho. Tulikaa tukatafuta ni kitu gani shairi lilikuwa limekosa, na jibu likatoka kwa fundi: alikuwa ameona kwamba hakuna mafuta. Yeye aliona kwa sababu ni fundi. Msomaji wa Nairobi asingeona. Basi kijana akaandika ubeti wa kuingia baina ya wa pili na wa tatu:

Kopo la sifa ni kavu, lina kutu ukutani,
Randa yake ina kovu, msumeno u rehani,
Mwana aliye na nguvu, yu Mombasa bandarini,
Maji yajaa yapwaa, chombo kimelala pwani.

Sasa pamba inapokazwa ufani katika ubeti wa mwisho, kila msomaji amekwisha kupita mbele ya kopo tupu, na anaweza kufika alikofika fundi bila ya kuwa fundi. Mvulana naye bado ana nafasi yake, maana hakuna aliyesema kwamba sifa haiwezi kununuliwa. Na mwana aliye Mombasa ameingia kwa mshororo mmoja, bila ya mtunzi kusema neno juu ya vijana wanaohama wala wazee wanaoachwa.

Fundi alipokuja tena mjini tulimsomea beti nne. Aliukubali ubeti mpya, ila mshororo wa pili aliukataa kabisa. Randa haipati kovu, alisema. Randa ulimi wake hupata pengo, nalo huonekana katika kila ubao unaopitishwa. Kijana alijitetea kwa kina cha "vu", fundi akamjibu kwamba kina si kazi yake yeye. Walipoagana gatini ilikuwa karibu magharibi, na tangu siku hiyo kijana anatafuta neno la kufuata "kavu" ambalo fundi atalikubali.